Sura ya Tano: Wachezaji Wanaishia Wapi?

Swali ambalo kila mtungaji wa michezo ya simu na ya kompyuta hujiuliza, baada ya kuutoa mchezo wake hadharani na kuona kwamba umepakuliwa na wengi ilhali ni wachache mno wanaozungumza juu ya mwisho wake, ni hili: hawa waliouanza wameishia wapi, na nini kilichowazuia? Marafiki wakiulizwa husifu kwa adabu. Watu wasiofahamiana na mtungaji, ambao ndio wengi, huufuta mchezo kimya kimya wala hawaandiki neno.

Njia ya kulijibu swali hili huitwa telemetri, yaani upimaji wa mbali: mchezo wenyewe, ukiwa ndani ya simu ya mchezaji, huandika mambo machache yanayotokea na kuyatuma kwa mtungaji kupitia mtandao. Kila jambo moja linaloandikwa huitwa tukio, na kompyuta inayoyapokea matukio hayo na kuyahifadhi huitwa seva. Njia hii si ngeni. Mwaka 2006 kampuni ya Valve, ilipotoa mchezo wa Half-Life 2: Episode One, ilikusanya habari za namna hii bila majina ya wachezaji na ikazichapisha kwa watu wote, zikionyesha mahali walipofia wachezaji na sehemu walizofikia.

Wengi hudhani kwamba aliye na telemetri hana budi kupima kila kitu, kila mguso wa kioo na kila kitufe, kisha majibu yajitokeze yenyewe. Sura hii inashikilia kinyume chake: yapo matukio mawili tu yanayostahili kupimwa kwanza, na yaliyobaki yaongezwe pale tu jedwali la hayo mawili linapoonyesha mahali pa kuyatia.

## Kuacha hakujitangazi

Jambo la kwanza la kufahamu ni kwamba mchezo hauwezi kutuma habari isemayo "mchezaji ameacha". Mtu anayeacha hafanyi kitendo chochote ambacho mchezo unaweza kukiona: huizima simu, au hupokea mwito wa mama yake, au huenda zake sokoni, na mfumo wa simu, ukihitaji nafasi, huufunga mchezo uliolala bila ya kuutaarifu. Kwa hiyo kuacha hakupimwi moja kwa moja. Hujulikana kwa kutokuwapo kwa kitu kilichotazamiwa kuwapo. Tukijua kwamba mchezaji fulani aliianza hatua ya nne, na kwa muda mrefu hatukuona kwamba ameimaliza, ndipo tunapokuwa na haki ya kusema kwamba aliishia hapo.

Ndiyo sababu matukio mawili ya mwanzo ni haya: kuanza kwa hatua na kumalizika kwa hatua. Anayepima kumalizika peke yake hataweza kutofautisha baina ya mtu aliyekwama ndani ya hatua ya nne na mtu aliyeimaliza ya tatu akatosheka asiifungue ya nne kabisa, ingawa mambo haya mawili yana dawa mbalimbali: la kwanza huhitaji hatua irekebishwe, na la pili huhitaji mchezaji apewe hamu ya kuendelea.

Tukio moja, lilivyo ndani ya mashine, halizidi mistari michache:

```
{
  "toleo": "1.0",
  "usajili": "7f3a91c2e05b4d18",
  "tukio": "hatua_anza",
  "hatua": 4,
  "sekunde": 612
}
```

Toleo ni namba ya chapa ya mchezo, na bila hiyo huwezi kulinganisha hali ya kabla na ya baada ya marekebisho. Usajili ni namba ya nasibu, yaani iliyookotwa bila mpango wowote, ambayo mchezo huitunga wenyewe siku ya kwanza kufunguliwa. Sekunde ni muda uliopita tangu mchezo ulipofunguliwa safari hiyo, wala si saa ya ukutani, kwa kuwa saa za simu nyingi zimekosewa na baadhi ya wachezaji huzipeleka mbele kwa makusudi ili wapate zawadi za kesho. Tarehe huandikwa na seva yenyewe inapopokea, nayo ni siku tu, bila saa wala dakika.

Kwa ufupi: kuacha ni kimya, na kimya hupimika tu ikiwa tumeandika mwanzo na mwisho wa kila hatua.

## Siri ya mchezaji ni amana

Kabla ya kuhesabu lolote, yafaa tuseme wazi maana ya kukusanya bila majina, kwani watungaji wengi wenye nia njema hujidhania wametimiza sharti hili ilhali hawajalitimiza.

Ile namba ya nasibu haina jina wala namba ya simu ndani yake, walakini maadamu inadumu kwa siku nyingi na kuunganisha matendo ya mtu mmoja, ni jina la bandia, na wanasheria huitofautisha na kutokujulikana kabisa. Sheria ya Kenya ya ulinzi wa data ya mwaka 2019 inatambua tofauti hii, na Tanzania nayo ina Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022. Kutokujulikana kwa kweli hupatikana pale matukio ya watu mbalimbali yanapojumlishwa kuwa hesabu za jedwali, kisha matukio yenyewe yakafutwa.

Hatari iliyojificha zaidi ni ile ambayo mtungaji hakuiomba. Kila simu inapotuma kitu, hutuma pamoja nacho anwani yake ya mtandao, na seva nyingi huiandika anwani hiyo katika daftari lao bila ya kuambiwa. Mtu anaweza kulinda matukio yake kwa uangalifu mkubwa, kumbe ubavuni mwake pana faili linaloonyesha nani alituma nini na saa ngapi. Kwa seva ya nginx, ambayo hutumiwa mno, daftari hilo huzimwa kwa mstari mmoja:

```
access_log off;
```

Mambo mengine ya kuzingatia ni machache:

- Usitumie namba ya utambulisho ya kifaa chenyewe. Namba ya nasibu ya mchezo wako yatosha, nayo hupotea mchezo ukifutwa.
- Mwombe mchezaji ridhaa kwa sentensi fupi inayoeleweka, na akikataa, mchezo uende vilevile bila kumpunguzia chochote.
- Ikiwa mchezo unawavutia watoto, kumbuka kwamba sheria aghalabu hutaka ridhaa ya mzazi. Njia ya salama ni kutoitumia hata namba ya nasibu, bali kuhesabu jumla tu.

## Jedwali la mchujo

Sasa tuchukue mfano wa kubuni, tuufuate mpaka mwisho. Tuseme upo mchezo wa simu ambamo mchezaji ni nahodha wa jahazi, naye hupeleka shehena kutoka Lamu hadi Kilwa, bandari kwa bandari. Mtungaji wake amesubiri mpaka wachezaji 1,000 walioridhia kupimwa wameianza hatua ya kwanza na kila mmoja amepata siku 28 za kucheza, kisha akapanga jedwali linaloonyesha jinsi watu wanavyochujwa hatua kwa hatua:

- Hatua ya 1: walianza 1,000, walimaliza 930
- Hatua ya 2: walianza 900, walimaliza 860
- Hatua ya 3: walianza 840, walimaliza 800
- Hatua ya 4: walianza 790, walimaliza 460
- Hatua ya 5: walianza 450, walimaliza 420

Jedwali hili husomwa kwa kumlinganisha kila aliyepotea na wale walioingia katika hatua hiyohiyo, wala si na wale 1,000 wa mwanzo. Hatua ya kwanza ilipoteza watu 70 kati ya 1,000, yaani asilimia 7. Ya pili asilimia 4 na kitu, ya tatu vivyo hivyo. Ya tano ilipoteza 30 kati ya 450, karibu asilimia 7. Lakini ya nne ilipoteza 330 kati ya 790, yaani asilimia 42. Upotevu baina ya hatua, wa waliomaliza moja wasianze inayofuata, haukuzidi watu 40 popote. Basi hapana haja ya kuchunguza rangi za menyu wala muziki wa mwanzo: ugonjwa uko ndani ya hatua ya nne.

Hata hivyo jedwali laweza kudanganya kwa njia tatu, na msomaji hana budi kuzijua kabla ya kuliamini.

Ya kwanza ni wageni wa jana. Mtu aliyeupakua mchezo juzi hajapata nafasi ya kufika mbali, na ukimtia katika hesabu ataonekana kama aliyeacha. Dawa yake ni kuhesabu kwa rika, yaani kundi la walioanza katika kipindi kimoja, na kumpa kila mmoja muda ulio sawa, tuseme siku 28 kamili tangu siku yake ya kwanza, kisha kuangalia amefika wapi. Aliyeanza karibuni angoje zamu yake.

Ya pili ni bando. Kwetu wachezaji wengi hununua intaneti kwa siku au kwa saa, na hucheza data ikiwa imezimwa. Mchezo usiojali jambo hili hujaribu kutuma tukio, hushindwa, na tukio hupotea; kisha katika jedwali mchezaji aliyefika hatua ya tisa huhesabiwa kuwa aliishia ya tatu. Kwa hiyo kila tukio liandikwe kwanza ndani ya simu, litumwe mtandao ukirudi, na lifutwe pale tu seva inapojibu kwamba limepokewa. Utajua kwamba kosa hili limekuingilia ukiona mtu ameimaliza hatua ya sita ambaye hakuwahi kuandikiwa kuianza: jambo lisilowezekana katika mchezo ni dalili ya kasoro katika upimaji.

Ya tatu ni simu ya watu wengi. Ndugu watatu wakitumia simu moja huonekana kuwa mchezaji mmoja, na mtu aliyeufuta mchezo akaupakua tena huonekana kuwa wawili. Haya hayaondoki bila kumfuatilia mtu kwa jina, nasi hatutaki kufanya hivyo. Bora kuyakubali, maadamu yanaathiri matoleo yote kwa kiasi kimoja na kwa hiyo hayaharibu ulinganisho.

## Namna tatu za kukwama

Mpaka hapa tumejua ni wapi, wala hatujajua ni nini. Ndipo wakati wa kuongeza vipimo unapowadia, na vipimo hivyo huongezwa katika hatua ya nne peke yake. Mtungaji wetu akatoa toleo 1.1 lisilobadilisha mchezo hata kidogo, ila linaandika mambo mawili zaidi: mahali jahazi linapozama, na alama moja kila baada ya dakika kuonyesha kwamba mchezaji bado yumo katika hatua na jahazi lake liko wapi.

Katika rika la toleo hilo watu 200 waliishia hatua ya nne, nao wakagawanyika hivi:

- 126 walizama mara tano au zaidi, karibu wote mahali pamoja, mlangoni mwa mwamba ulio katika hatua hiyo.
- 54 hawakuzama hata mara moja, bali walizunguka kwa dakika nyingi kisha wakatoweka.
- 20 waliondoka kabla ya dakika ya kwanza kwisha.

Hizi ni namna tatu zisizofanana. Wa kwanza walijua la kufanya wakashindwa kulifanya, na huo ni ugumu. Wa pili wangeweza kufanya lolote lakini hawakujua la kufanya, na huko ni kupotea. Wa tatu huenda hawakukwama kabisa, bali waliitwa chakula. Kila hatua huwa na watu wa namna hii, na kuwaandama ni kupoteza wakati.

Kupotea ndiko kunakosahauliwa, kwa sababu mtu aliyepotea hafi, na ramani ya vifo humwacha nje. Kabla ya mchezo wa Halo 3 kutolewa mwaka 2007, watafiti wa Microsoft waliwakalisha watu wa kawaida katika maabara wacheze, wakatia nukta juu ya ramani kuonyesha kila mchezaji alipokuwa, rangi ya nukta ikibadilika kadiri muda unavyopita. Katika hatua moja ya msituni rangi, ambazo zilipaswa kufuatana kwa utaratibu tangu mwanzo hadi mwisho wa njia, zilikutwa zimechanganyika ovyo, dalili kwamba watu walikuwa wakirudi walikotoka bila kujua. Waundaji wakaibadilisha ardhi yenyewe, ili mchezaji aruke chini kwenye ukingo asioweza kuupanda tena. Dawa haikuwa kupunguza maadui, kwa kuwa adui hakuwa tatizo.

Unapolinganisha muda au majaribio ya wachezaji, chukua namba ya kati, si wastani. Namba ya kati hupatikana kwa kuwapanga wote tangu aliyejaribu kidogo hadi aliyejaribu sana na kumchukua aliyesimama katikati. Wastani huharibiwa na mtu mmoja aliyelala simu ikiwa wazi, ambaye dakika zake mia nne humwagika juu ya hesabu ya wenzake wote.

## Namba haisemi kwa nini

Mtungaji aliyefika hapa hushawishika kuupanua mlango wa mwamba na kumaliza kazi. Asifanye hivyo upesi. Namba zimemwambia mahali na namna, hazijamwambia sababu, na sababu hupatikana kwa kukaa ubavuni mwa watu watano wasioujua mchezo, kuwapa simu za kawaida wanazotumia, na kuwatazama wakicheza hatua ya nne bila kuwasaidia neno.

Katika mfano wetu, jambo lililoonekana ni kwamba mwamba umechorwa kwa rangi ya buluu iliyokoza, na nje juani, kwenye vioo vya simu za bei nafuu, haukutofautika na bahari. Watu hawakuwa wakishindwa kulipinda jahazi; walikuwa hawauoni mwamba. Na wale waliopotea hawakuliona boya linaloonyesha njia, kwa kuwa lilikaa pembeni mwa kioo, chini ya kidole gumba cha anayeongoza usukani. Kuupanua mlango kungewafaidi wa kwanza kidogo na wa pili kusingewafaidi lolote. Toleo 1.2 likabadilisha rangi ya mwamba na mahali pa boya, na mawimbi na upepo vikabaki vilevile.

## Kuhukumu marekebisho

Baada ya kulipa rika jipya muda uleule wa siku 28, hesabu za watu 500 zilikuwa hivi: walioianza hatua ya nne 400, walioimaliza 300. Waliovuka wamepanda kutoka asilimia 58 hadi 75. Je, huo si mchezo wa bahati tu? Ipo kanuni nyepesi ya kukadiria: kwa watu 100, asilimia yoyote yaweza kuyumba kwa bahati mpaka kama 10 juu au chini, kwa 400, kama 5, kwa 1,000, kama 3. Tofauti yetu ni 17, na mayumbo ya makundi yote mawili hayaifikii. Lau tungekuwa na wachezaji 20 tu, ambao kila mmoja wao peke yake ni asilimia 5, tusingethubutu kusema lolote.

Lakini tazama hatua ya tano, ambayo haikuguswa: walioianza sasa ni 294 na walioimaliza 250, hivyo upotevu wake umepanda kutoka asilimia 7 hadi 15. Asiyejua atadhani ameiharibu. Ukweli ni kwamba zamani mwamba ulikuwa ukiwachuja wote isipokuwa walio hodari, na hao hodari waliipita hatua ya tano kwa urahisi. Sasa watu wa kawaida nao wanaifikia, na baadhi yao wanaishia hapo. Kwa hiyo hukumu ya mwisho haitolewi kwa hatua moja, bali kwa kuuliza: kati ya wote walioanza mchezo, wangapi wameimaliza hatua ya tano? Zamani walikuwa 420 kati ya 1,000, asilimia 42. Sasa ni 250 kati ya 500, asilimia 50. Marekebisho yamefaa, na hatua ya tano ndiyo inayofuata kuchunguzwa.

Utaratibu mzima, kwa ufupi:

1. Pima kuanza na kumalizika kwa kila hatua, pamoja na toleo, usipime kingine.
2. Ngoja rika moja litimize muda wake, kisha panga jedwali la mchujo.
3. Chagua hatua moja inayopoteza wengi kuliko jirani zake, na hapo tu ongeza vipimo vya vifo, muda na mahali.
4. Wagawe walioishia hapo: walioshindwa, waliopotea, walioitwa.
5. Watazame watu wachache kwa macho, badilisha kilichoonekana, ukahukumu kwa wote walioanza.

Hatua ya nne ikishatengenea, vipimo vyake vya ziada viondolewe katika toleo linalofuata, jedwali lake lihifadhiwe, na matukio yaliyolizaa yafutwe katika seva. Kipimo ambacho hakina tena swali la kujibu hakimletei mtungaji faida yoyote, bali humla mchezaji bando lake, na siku seva itakapoibwa, kitakuwa miongoni mwa vitu vya kuibwa.